Mipira 97 Bila Nne

Novemba 19, 2023, katika Uwanja wa Narendra Modi mjini Ahmedabad, India ilianza fainali ya Kombe la Dunia la kriketi kwa kishindo. Baada ya ova 10 ilikuwa na mikimbio 80, na wapigaji 2 tu walikuwa wametolewa. Nahodha Rohit Sharma peke yake alikuwa amepata 47 kwa mipira 31. Muda mfupi baadaye, mikimbio ikiwa 81, wiketi ya tatu ikaanguka. Virat Kohli na KL Rahul wakabaki uwanjani, na mchezo ukapoa. Mipira 97 ilipita bila mpira hata mmoja kufika mpakani.

Mechi hizi huwa na ova 50 kila upande, yaani mipira 300, na wiketi 10. Kila timu hutumia akiba hizo mbili kwa pamoja. Ova za 11 hadi 40 ndizo zenye kutatiza. Katika ova 10 za mwanzo wadakaji wawili tu huruhusiwa kukaa mbali, kwa hiyo nafasi za kupata nne ni nyingi. Kuanzia ya 11 wanaruhusiwa wanne. Mpigaji anaweza kupata mkimbio mmoja mmoja bila hatari kubwa, lakini akitaka zaidi inambidi ajihatarishe.

Je, hatari hiyo ina thamani gani? Jibu zuri limo katika jedwali la Frank Duckworth na Tony Lewis, lililoundwa kwa ajili ya mechi zinazokatizwa na mvua. Jedwali hilo linaonyesha, kwa wastani, ni sehemu gani ya uwezo wa timu imebaki, kwa kuangalia ova zilizosalia na wiketi zilizopotea. Zikiwa zimesalia ova 40, timu iliyopoteza wiketi 2 ina asilimia 77.8 ya uwezo wake. Iliyopoteza 4 ina 59.5. Kwa timu inayotarajia mikimbio 250, kila wiketi kati ya hizo mbili inagharimu kama mikimbio 23. Zikisalia ova 20, tofauti hiyo ni 52.4 kwa 44.6, na wiketi moja inagharimu takriban 10. Zikisalia ova 10, bei yake ni mikimbio 3 hivi.

Bei ya wiketi inashuka kila ova inapopita, na ndiyo maana tahadhari inayofaa katika ova ya 12 inaweza kuwa hasara katika ova ya 25.

Kohli na Rahul walipata mikimbio 67 kwa mipira 109, chini kidogo ya 4 kwa ova. Kama wangekwenda kwa 5 kwa ova, wangeongeza mikimbio 24 hivi. Mwanzoni mwa ushirikiano wao, hiyo ni bei ya wiketi moja tu, kwa hiyo kujilinda kulikuwa na maana. Kufikia ova ya 28 ilikuwa bei ya wiketi mbili. Naamini walikawia kubadilisha mwendo. Rahul alitumia mipira 107 kupata 66, akiwa na nne moja tu, halafu akatolewa katika ova ya 42, kabla ya kuvuna alichokilea. India ikaishia 240, wiketi ya mwisho ikianguka kwenye mpira wa mwisho kabisa.

Jedwali ni wastani, halijui pichi. Ile ya Ahmedabad ilikuwa nzito mchana, na India, iliyomkosa Hardik Pandya kwa jeraha, haikuwa na wapigaji wa kutegemewa baada ya Suryakumar Yadav. Kwao wiketi ilikuwa ghali kuliko jedwali linavyosema.

Australia nayo ilitetereka: wiketi 3 kwa mikimbio 47. Hapo ndipo Travis Head na Marnus Labuschagne walipokutana. Labuschagne alipata 58 kwa mipira 110, taratibu kuliko hata Rahul! Ukitazama kasi yake peke yake, mikimbio 53 kwa kila mipira 100, utasema aliiangusha timu. Lakini upande wa pili Head alikuwa akipiga kwa kasi ya 114, na pamoja walipata 192 kwa mipira 215, zaidi ya 5 kwa ova, wakati shabaha ilihitaji chini ya hapo. Mmoja alilinda wiketi ili mwenzake aweze kuthubutu. Kohli na Rahul wote wawili walilinda, na hakuna aliyethubutu. Zaidi ya hayo, Australia ilijua inahitaji 241. Anayepiga kwanza hajui ngapi zitatosha.

Head alitolewa akiwa na 137, zikihitajika mikimbio 2 tu. Australia ikamaliza kazi katika ova ya 43, wiketi 6 zikiwa bado mkononi.