Pikipiki Ikilala, Inyanyue kwa Miguu

Mmekata kona mchangani Luchelele, Mwanza, pikipiki ya kilo 200 ikalalia kulia. Usiinamie kuivuta kibabe mbele ya mwenzio, kesho kiuno hakitakunjuka. Zima injini, weka gia namba moja isiserereke, kisha toa stendi ya pembeni mapema. Ikishasimama utakuwa upande wa pili, huifikii ng'o!

Geuza usukani wote kulia. Ipe mgongo, chuchumaa, makalio yabane ukingo wa kiti. Mkono mmoja ushike mshikio wa chini, mwingine fremu, mbali na ekzosi. Nyoosha mikono, sukuma kwa miguu, hatua ndogondogo kinyumenyume. Miguu ikichimba mchanga tu, acha, mwite mwenzio msukume wote. Ikikaribia kusimama punguza nguvu, iegemee stendi taratibu.