Picha ya Kuombea Kazi: Selfi Isafishwe Hadi Wapi?

Anayeitwa kwenye usaili wa kazi za Serikali ya Tanzania huelekezwa kufika na kitambulisho chenye picha: cha taifa, cha mpigakura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria. Msimamizi huangalia kitambulisho, kisha humwangalia mwenyewe. Waajiri binafsi wengi hawana utaratibu mkali namna hiyo, lakini nao wana faili mezani, na ndani ya faili mna picha uliyotuma. Kwa hiyo picha ya maombi hupimwa siku utakapokaa mbele yake, na anayeipima ni mtu ambaye hajawahi kukuona.

Zamani jambo hili lilikuwa jepesi. Ulikwenda studio, ukakaa kwenye stuli mbele ya pazia la buluu, ukatoka na pasipoti saizi nne. Siku hizi maombi hutumwa kwa mtandao, simu imejaa selfi, na programu za kurembesha picha ni za bure. Kijana anajiuliza kwa nini atoe nauli kwenda studio wakati picha anazo. Hakosei. Selfi nzuri inaweza kabisa kuwa picha ya kazi. Kazi ipo katika kuchagua ipi, na kujua wapi pa kuweka simu chini.

Tuchukue mfano wa binti aliyemaliza stashahada ya hoteli na anayeomba nafasi ya mapokezi. Ana picha tatu. Ya kwanza ni selfi ya ndani ya daladala, simu ikiwa karibu na uso. Ya pili ameipiga chumbani usiku, chini ya taa, na ngozi imetoka laini kama ya mwanasesere. Ya tatu alipigwa na rafiki yake harusini, amesimama barazani na wenzake wawili.

Wengi wangechagua ya pili kwa sababu inapendeza. Inayofaa ni ya tatu, na sababu kubwa ni umbali. Kamera iliyo karibu na uso hukuza kilicho mbele na kupunguza kilicho nyuma: pua inapanuka, masikio yanarudi nyuma hadi kukaribia kupotea. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walichapisha hesabu ya jambo hili. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko inavyoonekana kamera ikiwa mita moja na nusu. Walilishughulikia kwa sababu watu walikuwa wakilalamikia pua zao kwa kutazama selfi, ilhali kasoro ilikuwa ya urefu wa mkono.

Kosa hilo halirekebishwi kwa kukata kingo za picha, maana kukata hakubadilishi umbo la kilichobaki. Ndiyo maana picha ya daladala haina dawa. Ile ya harusini ilipigwa kutoka hatua kadhaa, kwa hiyo ukiwakata wale wenzake wawili unabaki na uso wenye vipimo vyake halisi. Tatizo lake ni moja tu. Alitumiwa kwa WhatsApp, ambayo hubana picha, na uso uliokatwa kwenye picha iliyobanwa hutoka na ukungu. Amwombe rafiki yake aitume upya kama Document, ifike kama ilivyotoka kwenye kamera.

Picha ya pili ina kasoro nyingine. Simu nyingi hufungua kamera ya mbele zikiwa tayari zimewasha urembo, ambao kwenye kioo huandikwa Beauty au jina linalofanana na hilo. Mtu anadhani hajahariri chochote, kumbe simu imeshalainisha ngozi, imekuza macho na kupunguza taya kabla hajaona picha. Ukitaka kujua, vuta picha uikuze. Kama shavuni hakuna hata kinyweleo, nyusi zimefifia upande mmoja, au ukingo wa hereni umepinda pale taya ilipobanwa, simu imefanya kazi. Picha ya namna hiyo iache. Huwezi kuirudishia ngozi iliyokwisha kufutwa.

Sasa binti wetu anaifungua picha ya harusini kwenye Snapseed, programu ya bure inayotumiwa na wengi. Kwa Crop anakata, akibakiza kichwa na mabega na nafasi kidogo juu ya ushungi. Barazani kulikuwa na kivuli, hivyo kwenye Tune Image anapandisha Shadows mpaka macho yaonekane vizuri. Taa za harusi zimeipa picha rangi ya manjano, nayo anaiondoa kwa White Balance, akitazama kanzu nyeupe ya aliyesimama nyuma: kanzu ikishakuwa nyeupe kweli, na ngozi itakuwa imerudi kwenye rangi yake. Hapo anatakiwa asimame. Akiendelea kusukuma mwanga kwa sababu uso unazidi kung'aa, atakuwa amejipaka mkorogo wa kwenye simu. Kipimo ni rahisi: aweke mkono wake kando ya kioo, mchana, karibu na dirisha, alinganishe.

Ana chunusi kidevuni. Anaigusa kwa Healing, inaondoka. Hilo halina ubaya, kwa sababu chunusi ingeondoka yenyewe, na siku ya usaili huenda isiwepo. Warekebishaji picha wazoefu wana kanuni wanayoifuata: kitakachotoweka baada ya wiki mbili kinaweza kufutwa, kitakachobaki kiachwe. Chunusi, jasho, unywele uliotoka nje ya ushungi, uzi kwenye kola, vyote viende. Baka la kuzaliwa, kovu, kipara, mvi na mikunjo ya uso vibaki. Binti huyu ana mwanya, na mwanya wake ubaki.

Nyuma yake kuna maturubai na viti vya plastiki. Kubadilisha mandhari kwa ukuta mweupe au wa kijivu hakumdanganyi mtu, kwa kuwa hakuna anayeajiriwa kwa sababu ya ukuta. Aangalie tu kingo. Programu nyingi hukata vibaya pale kitambaa au nywele zinapokutana na nyuma, na kuacha ushungi ulioliwa pembeni au rasta zilizokatika ghafla. Msaili hatajua kosa ni la nini, ila ataona picha imechezewa, na shaka hiyo inaweza kuhamia kwenye vyeti.

Mpaka hapa kilichosafishwa ni mwanga, kingo na mandhari. Mambo hubadilika binti anapojaribu huduma za akili mnemba zinazoahidi picha ya kiofisi kutokana na selfi za kawaida. Huduma hizo huomba selfi kadhaa, mara nyingi kumi au zaidi, zijifunze sura yako, kisha hutengeneza picha mpya. Hoja iko kwenye hilo neno mpya. Haikusafishwa picha yoyote uliyopiga. Mashine imechora mtu anayekaribiana na wewe, na pale isipokuwa na uhakika imejaza kwa kile ilichokizoea katika mamilioni ya picha ilizofundishiwa.

Matokeo yanaweza kuwa hivi: binti amevaa suti ya bluu ofisini, na kwa kuitazama mara moja ni yeye. Ukitulia unaona mwanya umezibwa. Kibaka cha shavuni hakipo. Mikunjo ya ushungi imeyeyukia shingoni bila kuonyesha ulikofungwa. Hereni ya kulia hailingani na ya kushoto. Na ngozi imepanda weupe ambao hakuuomba. Hili la ngozi si la kuwaziwa tu. Mwaka 2023 mwanafunzi mwenye asili ya Asia katika chuo cha MIT, Marekani, aliiomba programu ya akili mnemba iifanye picha yake ionekane ya kikazi zaidi. Ilimrudishia mwanamke mwenye ngozi nyeupe zaidi na macho ya buluu. Kwa picha ilizofundishiwa, mtu wa ofisini ndivyo alivyo.

Anayetumia huduma hizi asijiamini kuikagua picha peke yake, maana kila mtu huiona sura yake anavyotamani iwe. Ampe dada au mama, na asiulize kama amependeza, kwa sababu watamjibu ndiyo. Aulize kuna nini kimebadilika. Wakitaja kitu kimoja tu cha usoni, picha hiyo haifai kwa maombi.

Na suti je? Hapa watu hubishana. Maoni yangu ni kwamba nguo ya kawaida ya heshima, ambayo ungeivaa siku ya usaili, haimdanganyi mtu hata kama imewekwa na mashine. Nguo inayodai sifa ni jambo jingine. Joho la mahafali ambayo hayakufanyika, koti jeupe na kipimo cha daktari shingoni, sare yenye nembo ya hoteli ambayo hukufanyia kazi: hivyo ni sawa na kuandika uongo kwenye wasifu. Kupiga pasi shati lako ni adabu, kuvaa la mwenzio na kudai ni lako ni wizi.

Pia angalia picha inaombwa kwa kazi gani. Ikiwa ni ya utambulisho, yaani ile pasipoti saizi ya hivi karibuni ambayo matangazo mengi ya ajira huitaka, au ya kibali na kitambulisho, usiiguse hata chunusi. Hiyo kazi yake ni kulinganishwa na uso. Uhuru wa kusafisha upo zaidi kwenye picha ya ukurasa wako wa LinkedIn au ya juu ya wasifu.

Kuna watakaosema kwamba waajiri wenyewe huchagua kwa rangi, unene na umri, kwa hiyo mwombaji ana haki ya kujitetea. Ubaguzi upo, na aibu yake ni ya mwajiri. Lakini picha ya uongo haimtetei mwombaji. Inamfikisha mlangoni kwa yule yule mbaguzi, sasa akiwa na sababu ya kumwita mwongo. Utetezi bora ni kutotuma picha pale isipoombwa. Uingereza, Marekani na Kanada, wasifu kwa desturi hauwekwi picha, kwa sababu ya hofu hiyo hiyo ya ubaguzi. Ukiomba kazi Ghuba, mara nyingi picha inatarajiwa. Soma tangazo kwanza.

Na kama picha zote za kwenye simu zina kasoro, piga nyingine leo. Simama asubuhi ukielekea dirishani, nyuma yako ukuta mtupu. Weka simu juu ya kabati au rundo la vitabu, kimo cha macho yako, mita moja na nusu kutoka ulipo. Tumia kamera ya nyuma na kipima muda, urembo ukiwa umezimwa. Piga kadhaa, chagua moja, kata kingo, tuma. Haitahitaji kurembeshwa, na siku ya usaili hutakuwa na la kueleza.