Maji hadi mstarini: kuchanganya antibayotiki ya unga ya mtoto

Kichupa cha amoksilini ya watoto unachokabidhiwa dukani huwa chepesi. Ndani mna unga mweupe au wa waridi, haufiki hata nusu ya chupa, na kazi ya kuutia maji umeachiwa wewe. Wapo wanaodhani kiwanda kimekwepa kazi. Sivyo. Amoksilini, kama ndugu zake wa jamii ya penisilini, ikikaa na maji huanza kuvunjika taratibu, na joto huharakisha uvunjikaji huo. Ikiwa kavu hukaa rafuni miaka miwili au zaidi, lakini ikishalowana umri wake unahesabiwa kwa siku.

Tuchukue chupa inayoonekana sana madukani, ile ya mililita 100 iliyoandikwa miligramu 125 kwa kila mililita 5. Maana yake unga wote uliomo una miligramu 2,500 za dawa. Kiasi hicho hakiongezeki wala hakipungui, utie maji mengi au machache. Kinachobadilika ni dawa inayoingia katika kila kipimo. Ukitia maji hadi shingoni na chupa ikabeba mililita 125, kila mililita 5 anazokunywa mtoto zitakuwa na miligramu 100 badala ya 125. Amepungukiwa moja ya tano ya dawa kila mara, na wewe unaamini umempa dozi kamili. Ukiishia mililita 80, kila kipimo kitazidi na kufika kama miligramu 156, na chupa itaisha kabla ya siku alizoandikiwa.

Ndiyo sababu chupa ina mstari, mshale au kifuo kilichochongwa kwenye kioo au kuchapwa kwenye karatasi yake. Wengi wanaukosea kwa namna moja: wanamimina maji juu ya unga hadi mstarini kwa mkupuo mmoja, wanatikisa, basi. Unga mkavu una hewa katikati ya chembe zake, na maji yakiingia hewa hiyo hutoka. Usawa wa dawa unashuka chini ya mstari, na dawa inabaki nzito kuliko ilivyokusudiwa. Mstari unahusu dawa iliyokwisha kuchanganyika, si maji yaliyomiminwa juu ya unga.

Namna inayofaa ni hii. Chemsha maji ya kunywa na uyaache yapoe kabisa, maana maji ya moto yanaanza kuiharibu dawa hapo hapo. Maji ya chupa ambayo haijafunguliwa yanafaa pia. Nawa mikono. Kabla hujafungua kifuniko, gonga chupa kwenye kiganja na uigeuze juu chini mpaka uone unga unatiririka; ukiwa umegandana tangu mwanzo, unyevu umeshaingia, irudishe dukani. Kisha tia maji hadi kama nusu ya njia ya kufikia mstari, funga, tikisa kwa nguvu mpaka pasibaki kidonge cha unga kwenye kona za chini. Iweke mezani, povu litulie. Sasa inua chupa usawa wa macho na uongeze maji kidogo kidogo hadi dawa yenyewe, si povu, iguse mstari. Tikisa tena.

Chupa nyingine hazina mstari. Zinataja kiasi cha maji ya kutia. Hapo pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na usishangae maji yakiwa machache kuliko ujazo wa dawa, kwa kuwa unga nao unachukua nafasi yake. Azithromisini ya mililita 15, kwa mfano, mara nyingi huhitaji kama mililita 9 tu.

Baada ya siku hiyo ya kwanza, usiongeze maji tena kamwe. Dawa ikishuka chini ya mstari kesho yake ni kwa sababu mtoto ameinywa. Wala usiuchote unga kijiko kimoja kimoja ukauchanganye na uji au maziwa ili chupa ikae muda mrefu, kwani hapo hakuna mtu anayeweza kujua mtoto amepata miligramu ngapi.

Kutikisa nako si kwa siku ya kuchanganya peke yake. Dawa hii haiyeyuki yote majini kama chumvi. Chembe zake huelea, na chupa ikitulia hushuka na kukaa chini kama mashapo. Asiyetikisa humpa mtoto maji matamu siku za mwanzo na tope kali siku za mwisho. Tikisa kila mara kabla ya kupima, kisha geuza chupa utazame kitako chake: kama bado pana utando umeshikilia chini, endelea. Kipimo chenyewe kichukuliwe kwa bomba au kikombe kidogo kilichokuja na dawa, kwa kuwa vijiko vya nyumbani havilingani.

Sasa siku. Amoksilini nyingi zinazouzwa kwetu hutumika siku 7 tangu zilipochanganywa, na baadhi ya viwanda hutoa hadi 14 kwa sharti la friji. Yenye asidi ya klavulaniki ni dhaifu zaidi: siku 7, na inataka friji kweli. Azithromisini huvumilia nje ya friji, siku 5 hadi 10 kutegemea kiwanda. Penye tofauti kati ya maandishi ya chupa yako na ninayosema hapa, fuata chupa. Friji si sehemu ya barafu, dawa isigande. Asiye na friji aliyepewa amoksilini ya kawaida aiweke mahali pa baridi kuliko pengine nyumbani, mbali na jiko na dirisha lenye jua.

Kosa kubwa hapa ni kusoma tarehe isiyohusika. Ile ya mwisho wa matumizi iliyochapwa na kiwanda ni ya unga mkavu. Inaweza kusema mwaka kesho kutwa wakati dawa iliyomo imechoka tangu wiki iliyopita. Rangi ikigeuka au harufu ikichachuka, mwaga, lakini usisubiri dalili hizo, kwa sababu nguvu ya dawa inaweza kupungua bila jicho kuona lolote.

Mtoto akiandikiwa mililita 5 mara tatu kwa siku 10, atahitaji mililita 150, yaani chupa mbili. Mzazi mwenye haraka huchanganya zote siku ya kwanza, na ya pili inafika siku ya nane ikiwa imepita muda. Changanya moja. Ina vipimo 20, vinavyomtosha siku sita na vipimo viwili vya siku ya saba. Hapo ndipo unaichanganya ya pili kwa vipimo 10 vilivyobaki. Kitakachosalia ndani yake kirudishwe duka la dawa, kisiwekwe akiba kwa mdogo wake atakayekohoa mwezi ujao.

Usumbufu huu wote ni sababu mojawapo ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza vidonge vya amoksilini vinavyosambaratika ndani ya maji kidogo kwa watoto wadogo wenye nimonia. Kila kidonge kinachanganywa wakati wa kunywa, na friji haihitajiki. Uliza kama kituo chako kinavyo. Ukipewa chupa ya unga, mwombe muuza dawa akuchanganyie ya kwanza mbele yako, aandike kwa kalamu kwenye karatasi ya chupa tarehe ya kuchanganya na tarehe ya kumwaga, na ya pili akupe ikiwa bado kavu.