Ndoo 20 Zilizobaki Dar

Tuseme mfanyabiashara wa Tabora ana ndoo 100 za asali, kila moja imemgharimu shilingi 120,000. Anazipeleka Dar es Salaam kwa wakala, mali kauli: wakala auze, achukue kamisheni ya asilimia 5 ya mauzo, kinachobaki akirudishe. Asali ni ya mtu wa Tabora mpaka mnunuzi aichukue. Kwa hiyo siku ya kuzipakia hakuna mauzo ya kuandika kwenye daftari, na wakala naye hana deni la ndoo 100.

Lori limechukua 800,000. Dar, wakala amelipa 200,000 kushusha mzigo na kuufikisha ghalani, kisha 150,000 za pango la ghala. Mwisho wa mwaka ameuza ndoo 80 kwa 170,000 kila moja, yaani 13,600,000. Anakata kamisheni yake, 680,000, pamoja na 350,000 alizotoa mfukoni, anatuma 12,570,000.

Swali gumu ni ndoo 20 zilizobaki. Wengi huziandika kwa bei ya Tabora, 2,400,000. Lakini ndoo iliyoko Dar si sawa na ndoo iliyoko Tabora, kwa kuwa imekwisha kulipiwa safari. Nauli na ushushaji ni 1,000,000 kwa ndoo 100, basi kila ndoo imebeba 10,000. Ndoo 20 zinathaminiwa kwa 2,600,000.

Pango la ghala haliingii humo, kwa sababu limelipwa baada ya mzigo kufika. Halikuisogeza asali hata hatua moja. Kamisheni pia haiingii, maana imetokana na ndoo 80 zilizouzwa. Kipimo ni hiki: je, gharama hii ilihitajika ili mali ifike mahali pa kuuzwa?

Sasa faida. Jumlisha mauzo na mali iliyobaki, upate 16,200,000. Toa asali yote 12,000,000, uchukuzi 1,000,000, pango 150,000 na kamisheni 680,000. Faida ni 2,370,000. Unaweza kuihakiki kwa njia nyingine: kila ndoo iliyouzwa ilisimama kwa 130,000 na kuleta ziada ya 40,000, mara 80 ni 3,200,000, toa pango na kamisheni, unarudi palepale.

Aliyesahau nauli ataona faida ya 2,170,000. Zile 200,000 hazikupotea, ila amezibebesha ndoo 80 mzigo wa ndoo 20 ambazo bado ziko ghalani. Mwaka ujao, ndoo hizo zikiuzwa, faida itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kuna mpaka mmoja. Bei ya asali ikianguka, na ndoo ikawa inaweza kuleta 115,000 tu baada ya kutoa kamisheni, thamani ya daftarini hushuka hadi hapo, hata kama nauli ilikwisha lipwa.