Dola elfu moja ni shilingi ngapi?

Mwanzoni mwa 2024, Mkenya aliyeahidiwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwezi alizidisha kwa 160 akapata shilingi 160,000. Kufikia Agosti mwaka huohuo, dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Mkataba haukubadilika, lakini kodi ya nyumba ilibaki palepale.

Hata hiyo 129 haifiki mfukoni. Ni wastani unaotangazwa na Benki Kuu. Benki yako inanunua dola kwa bei ya chini zaidi, tuseme 126. Na njiani, benki ya kati inaweza kukata ada yake. Zikikatwa dola 25 kwa jumla, zinabaki 975, na 975 mara 126 ni shilingi 122,850.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, ipigie benki yako uulize bei ya kununua dola leo. Kisha muulize mwajiri nani analipa ada: akituma kwa maagizo ya OUR, gharama ni zake. Mimi ningepanga kodi na karo kwa bei ya chini kabisa ya miaka miwili iliyopita.