Licheke Sweta, Mwache Rafiki

Kila Alhamisi mitandao ya kijamii hujaa picha za zamani zenye alama ya #TBT, na za shule ndizo huchangamsha watu zaidi. Picha yenyewe huwa haina neno. Balaa huanzia kwenye maandishi ya chini yake, pale mwenye picha anapotafuta cha kuchekesha na kitu cha kwanza kumjia ni kituko cha mwenzake.

Tuchukue picha moja ya mfano. Wavulana wanne wa kidato cha pili wamesimama mbele ya bweni, mwaka 1999. Nyuma yao kuna kamba ya nguo na ndoo mbili. Wa kushoto kiatu chake kimeachama mbele. Wa pili kutoka kulia, mwenye picha, amevaa sweta ambalo mikono yake imemeza vidole vyote. Wote wanatabasamu.

Maandishi ya haraka huwa hivi: “Mnamkumbuka Kikojozi? Cheki na kiatu kinavyocheka!” Waliosoma naye watavunjika mbavu. Lakini jina lile alibandikwa akiwa na miaka kumi na mitano, hakulichagua, na leo huenda ni mwalimu ambaye wanafunzi wake wako mtandaoni. Kiatu nacho hakikuachama kwa uzembe; nyumbani hakukuwa na hela ya kingine. Hata ukificha jina, “huyo wa kushoto” inatosha, maana sura iko pale pale.

Sasa rudi kwenye picha hiyo hiyo, utazame vitu badala ya watu. Anza na sweta, kwa kuwa ni lako. Mzazi alilinunua kidato cha kwanza kwa hesabu ya kulivaa hadi cha nne. Andika: “Kidato cha pili, 1999. Mama alininunulia sweta la kukulia. Sweta lilinisubiri, mimi sikutokea.” Anayechekwa hapo ni wewe, na kila aliyewahi kuvaa nguo ya kukulia anajiona humo.

Njia ya pili ni kuangukia kwenye jambo lililowapata wote. Katika shule nyingi za bweni, wali ulikuwa wa siku maalumu na siku zilizobaki zilikuwa za ugali na maharage. Kwa hiyo: “Hii ilikuwa Jumapili, siku ya wali. Siku nyingine yoyote mpiga picha asingepata tabasamu.” Wenzako watatu wamo, lakini hakuna aliyevuliwa nguo. Njaa ya bweni haikuwa na mwenyewe.

Angalia kinacholeta hisia ya zamani katika mifano hiyo miwili. Si maneno kama “enzi zile” au “siku hazigandi”, ambayo yanafaa picha yoyote. Ni kitu kimoja kinachoshikika: sweta, wali, tranka lenye jina lililoandikwa kwa rangi, kipande cha reli kilichogongwa kuwa kengele. Kimoja kinatosha. Ukirundika vitano, kichekesho kinazama, tena simu huonyesha mistari michache tu ya mwanzo na kuficha mingine.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni: maandishi yako ndiyo yanayopanga watu watajibu nini. Ukiuliza “Nani anamkumbuka huyu?”, umeita majina ya utani, mapenzi ya zamani na matokeo ya mtihani, na huna tena uwezo wa kuyazuia. Ukiuliza “Tranka lako lilikuwa rangi gani?”, watu watazungumzia matranka. Kama lazima uulize swali, liulizie kitu.

Ruhusa nayo isidharauliwe. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kesi hiyo ilihusu taasisi, si mtu na marafiki zake. Hata hivyo, kama una namba ya mwenzako, mtumie picha kwanza, na usimtagi kabla hajakubali. Akikataa, kata upande wake au tafuta picha nyingine.

Kabla ya kuposti, ziba sura za wenzako kwa kidole, kisha usome ulichoandika. Kikiendelea kuchekesha, kiposti. Kikipoa, ujue ulikuwa unamcheka mtu. Futa, uandike upya.