Pakiti Iliyovimba Tunduma, na Rekodi Nyingine za Hewa Nyepesi

Pita kwenye duka lolote la Tunduma karibu na mpaka wa Zambia, uangalie pakiti za kripsi zilizoning'inizwa mlangoni. Zile zilizofungwa Dar es Salaam utazijua tu: plastiki imekaza, kona zimenyooka, na ukizibonyeza kwa kidole zinarudi papo hapo kama tairi lililojazwa upepo sasa hivi. Muulize mwenye duka, atasema ni mwendo. Kweli barabara ni ndefu, zaidi ya kilomita 900, ila urefu wa barabara hauna kosa hapa. Kosa ni la kupanda. Dar iko usawa wa bahari na Tunduma iko takriban mita 1,600 juu yake, hivyo hewa inayoisukuma pakiti kutoka nje imepungua, wakati ile iliyofungiwa ndani ni ileile ya Dar.

Imepungua kiasi gani? Swali hili lina jibu la mstari mmoja, na mstari huo ndio utakaotupitisha kwenye rekodi zote za makala hii, za chini na za juu.

Nauli ya molekuli

Chukua molekuli za hewa kama abiria. Kila anayetaka kupanda hadi kimo h lazima alipe nauli, ambayo ni nishati ya kuinua uzito wake: m × g × h. Pesa za mfukoni ni nishati ya joto, na kipimo chake ni kT, yaani namba ya Boltzmann mara halijoto katika kelvini. Abiria hawana pesa sawa. Wengi wana kidogo, wachache wana nyingi. Ludwig Boltzmann, mwanafizikia wa Austria wa karne ya 19, alionyesha kwamba kila nauli inapoongezeka kwa kT moja, idadi ya wanaofika inagawanywa kwa 2.718, ile namba ambayo wanahisabati huiita e. Halijoto ikiwa moja kutoka chini hadi juu, mgandamizo unafuata idadi ya molekuli bila kuongeza wala kupunguza:

p = p₀ · e^(−mgh/kT)

Wasioridhika na abiria wanaweza kuipata kanuni hiyohiyo kwa mizani. Kata tabaka la hewa lenye unene wa mita moja. Mgandamizo chini yake unazidi ule wa juu yake kwa uzito wa tabaka lenyewe, na uzito huo unategemea idadi ya molekuli zilizomo, ambayo nayo inategemea mgandamizo. Kwa hiyo kila mita inapunguza sehemu ileile ya kilichobaki. Ni kama mkopo wenye riba, isipokuwa hapa deni linashuka.

Sasa tuweke namba. Molekuli ya wastani ya hewa ina uzito wa 4.81 × 10⁻²⁶ kilo. Kwenye nyuzi 15, yaani kelvini 288, kT moja inatosha kuiinua mita 8,450 hivi. Kimo hicho tukiite H. Tunduma, kwa mita zake 1,600, inadai asilimia 19 ya kT. Kizidishi chake ni e^(−0.19), yaani 0.83. Pwani hewa inasukuma kwa hektopaskali 1,011 hivi. Tunduma inabaki na 837. Lita moja ya hewa iliyofungwa Dar ingependa kuwa lita 1.2 ikifika hapa, na plastiki ndiyo inayoizuia.

Ndani ya Mkoa wa Songwe, ambamo Tunduma imo, rekodi ya hewa nzito inashikiliwa na ufuko wa Ziwa Rukwa, kama mita 800 juu ya bahari, ambako kanuni inatoa hektopaskali 920. Kutoka huko hadi milimani mkoa unapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya hewa yake bila mtu kuvuka mpaka wowote. Wapika maharage wa Tunduma na Vwawa wanalijua hili kwa njia yao. Maji yao yanachemka kwenye nyuzi kama 95, si 100, na maharage hayana haraka.

Angahewa ndogo kuliko zote

Kama kanuni ni ya kweli, si lazima iishie kwenye hewa. Mfaransa Jean Perrin aliijaribu kati ya 1908 na 1909 kwa chembe za utomvu zenye nusu-kipenyo cha milimita 0.0002 hivi, zikielea kwenye maji chini ya hadubini. Chembe ya namna hiyo ni nzito mno ukilinganisha na molekuli, kwa hiyo nauli yake inapanda upesi. Perrin akazihesabu tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiwa juu ya jingine kwa sehemu 30 za elfu ya milimita. Chini alipopata 100, tabaka la pili lilikuwa na 47, la tatu 22.6, la nne 12. Karibu nusu kila hatua, kama Boltzmann alivyodai.

Kwa hiyo angahewa nzima, yenye pwani yake na vilele vyake, ilienea kwenye unene wa unywele. Na kwa kuwa Perrin alijua uzito wa chembe na halijoto ya maji, aliigeuza hesabu akapata k yenyewe, na kutoka hapo idadi ya molekuli katika moli moja ya gesi. Waliokuwa bado wanabisha kwamba atomu ni hadithi za kwenye karatasi waliishiwa hoja. Nobeli yake ilikuja 1926.

Swali linalowashinda wengi

Molekuli inayopanda inalipa nauli, kwa hiyo inapunguza mwendo. Basi si inafuata kwamba huko juu molekuli zote ni za polepole, na ndiyo maana mlimani kuna baridi?

Hapana. Wenye pesa kidogo hawafiki kabisa, wanarudi njiani. Wanaofika wamelipa kweli, lakini walianza matajiri, na mgawanyo wa Boltzmann una tabia ya ajabu: ukiwaondoa wasioweza kulipa, kisha ukawatoza nauli ileile waliobaki, mifuko yao inapangika sawasawa na ile ya chini. Maskini wako palepale na matajiri wako palepale, ila idadi ya wote imeshuka. Hewa iliyotulia kabisa ingekuwa na joto moja kutoka Rukwa hadi mawinguni. Baridi ya mlimani inatokana na kutotulia. Jua linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa ya chini, na hewa hiyo ikipanda inatanuka na kupoa. Kwa hiyo halijoto moja ni makadirio, na muda si mrefu tutaona yanapovunjika.

Kupanda Rungwe na simu mfukoni

Songwe haina mlima mkubwa wa kujivunia, kwa hiyo tumwazime jirani. Rungwe, volkano iliyolala mkoani Mbeya juu ya Tukuyu, ina takriban mita 2,960. Kanuni inatabiri kileleni hektopaskali 712, na maji yanayochemka kwenye nyuzi 90.

Simu nyingi za bei ya juu zina kihisi cha mgandamizo. Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Wanafungua programu ya hali ya hewa wakiwa Tunduma, wanasoma 1,015 na kusema kanuni ni uongo. Namba ile imerekebishwa ionekane kana kwamba mji uko baharini, ili ramani za hali ya hewa zilinganishwe. Dalili ni rahisi: ukiwa mita 1,600 na bado unaona namba inayozidi elfu, hicho si kihisi chako kinachosema. Tafuta programu inayosoma kihisi moja kwa moja.

Kisha geuza kanuni. Tofauti ya kimo ni H mara logi asilia ya mgandamizo wa chini gawanya kwa wa juu. Tuseme uliacha 837 Tunduma na ukasoma 713 kileleni. 837 ÷ 713 ni 1.174, logi yake 0.160, mara 8,450 ni mita 1,355 hivi. Jumlisha na 1,600 ya Tunduma, umefika 2,955. Si haba kwa simu.

Ila angalia mambo mawili. H yetu ni ya nyuzi 15. Kama hewa kati ya mji na kilele ilikuwa na wastani wa nyuzi 10, H inashuka hadi 8,300 na jibu linapungua kwa mita 24. La pili linawapata zaidi watu wa ukanda wetu wa tropiki. Hapa mgandamizo una maji kujaa na maji kupwa kama bahari, mara mbili kwa siku. Unajaa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, unakupwa karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na tofauti ni hektopaskali 2 hadi 3. Aliyeanza kupanda saa nne asubuhi akafika saa kumi jioni, simu yake itampa mita 25 hadi 35 za bure ambazo miguu haikuzipanda. Dawa ni kumwachia mwenzako simu ya pili chini, msome saa ileile.

Mlima wa nusu

Kwa H ya mita 8,450, hewa inafika nusu kwenye mita 5,857. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Anayesimama juu ya Kilimanjaro ana hektopaskali kama 500 tu kifuani, na maji ya chai yanachemka kwenye nyuzi 81. Karl Egloff, raia wa Ekwado na Uswisi, aliipanda na kuishuka Agosti 2014 kwa saa 6 na dakika 42, yaani alifika kwenye alama ya nusu ya angahewa na kurudi.

Na hapa kanuni inapata kosa lake kubwa. Molekuli ya oksijeni ni nzito kuliko ya nitrojeni, kwa hiyo nauli yake ni kubwa: H yake ni 7,650, ya nitrojeni 8,740. Tukimwamini Boltzmann neno kwa neno, oksijeni ya Uhuru ingekuwa asilimia 19.5 ya hewa. Ukiipima ni 20.9, sawa na ya Dar. Upepo unakoroga angahewa haraka kuliko molekuli zinavyoweza kujipanga kwa uzito, na unaendelea kukoroga hadi karibu kilomita 100 juu. Hewa ya Kilimanjaro si mbaya, ni chache.

Juu kuliko pote

Everest, mita 8,849. Kwa nyuzi 15 kanuni inatoa milimita 267 za zebaki, kutoka 760 za pwani. Jedwali la angahewa la kimataifa, linalotumika kwenye ndege, linasema 236, kiasi ambacho kingemwacha binadamu karibu bila nguvu ya kusogeza mguu. Lakini Reinhold Messner na Peter Habeler walikuwa wamekwisha kufika juu bila mitungi ya oksijeni tarehe 8 Mei 1978. Namba mojawapo ilikuwa na kasoro.

Tarehe 24 Oktoba 1981 daktari Christopher Pizzo alibeba kipimo hadi kileleni, akasoma 253. Jedwali ni la wastani wa latitudo za kati, na Everest iko karibu na tropiki, ambako safu ya hewa ni ya joto zaidi na imerefuka kwenda juu. Kanuni yetu nayo ilikosea kwa sababu ya kung'ang'ania nyuzi 15 hadi kwenye barafu. Ipe wastani wa sifuri, H inakuwa mita 8,000. Gawa 8,849 kwa 8,000, lipe jibu alama ya hasi, pandisha e kwa namba hiyo, zidisha kwa 760. Inatoka 251.